Kopo Lililokaa Kwenye Mkoba

Mama alifika dirishani kwetu saa saba na nusu mchana. Akafungua mkoba, akasogeza kanga na kitambulisho cha kliniki, akatoa kikopo cha plastiki chenye mkojo. Kilikuwa na joto kama chai iliyosahaulika mezani. Kijana aliyekuwa mapokezi alikipokea, akaandika jina na saa: 7:30. Hakumuuliza alikojoa saa ngapi.

Angeuliza, angejibiwa kwamba alikojoa saa moja asubuhi nyumbani Mbagala, kabla ya kupanda daladala, kabla ya foleni ya kliniki na kabla ya foleni ya malipo. Kikopo kilikuwa na umri wa saa sita na nusu, na zote hizo kilizimaliza kwenye joto la Dar es Salaam. Hakuna aliyelijua hilo mpaka kesho yake, tulipofungua inkubeta na kukuta sahani imejaa.

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, na sijaona kipimo kinachoaminiwa haraka kama cha kuotesha mkojo, au kalcha kama tunavyokiita kazini. Mtu akiona kwenye karatasi kwamba "bakteria wameota", anaondoka na uhakika kwamba ana UTI. Lakini bakteria huota kwa kila anayewapa chakula na joto, na mkojo una vyote viwili. Tunachotafuta ni kama walitoka kwenye kibofu au waliingia njiani, na swali hilo halijibiwi bila kujua kikopo kilipita wapi.

Anza na namna kipimo kinavyopangwa. Mkojo ukiwa bado ndani ya kibofu cha mtu mzima mwenye afya, huwa na bakteria wachache mno kiasi kwamba kipimo cha kawaida hakiwaoni. Unapotoka, unapita kwenye ngozi na nyama laini za sehemu za siri, ambako bakteria wanaishi siku zote bila kumdhuru mtu. Ndiyo maana tunaomba mkojo wa katikati. Mwanamke anajisafisha kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma na kutenganisha mashavu ya uke. Mwanamume ambaye hajatahiriwa anarudisha govi nyuma. Anakojoa kidogo chooni, kisha bila kukata anaweka kikopo kwenye njia ya mkojo, na mwisho anaumalizia chooni. Ule wa mwanzo umeosha mlango. Wa katikati ndio wenye habari za ndani.

Kikopo kikifika, tunautikisa mkojo taratibu ili bakteria waliotuama chini wachanganyike. Halafu tunachukua lupu, kijiti chenye kitanzi kidogo mwishoni, kilichopimwa kiasi kwamba kikichovywa kinabeba tone la mikrolita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya mililita. Lupu inashikwa wima na kuchovywa chini kidogo tu ya uso wa mkojo. Ukiizamisha mpaka shingoni, mkojo unang'ang'ania kwenye kijiti na unabeba zaidi ya ulichokusudia. Ukiiinamisha, ujazo unabadilika vilevile. Ikiwa ni lupu ya waya inayochomwa motoni, lazima ipoe kwanza, maana ya moto huwaua bakteria wenyewe unaotaka kuwahesabu.

Tone hilo linapelekwa kwenye sahani yenye agari, ule ute mgumu uliotokana na mwani wa baharini. Tunachora mstari mmoja katikati, juu mpaka chini, kisha tunaukata kwa mistari ya kushoto na kulia, iliyobanana, mpaka sahani nzima ijae, bila kuchoma lupu katikati ya kazi. Lengo ni kuwatawanya bakteria ili kila mmoja akae peke yake. Sahani inageuzwa juu chini na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24. Bakteria mmoja aliyeketi peke yake anazaliana mpaka anakuwa kidonda kidogo kinachoonekana kwa macho. Hicho ndicho koloni.

Agari tunayoitumia zaidi kwa mkojo imeandikwa CLED kwenye chupa yake. Ina sukari ya maziwa na rangi inayobadilika. Bakteria wanaokula sukari hiyo, kama E. coli, huotesha koloni za njano, na wasioila hubaki na rangi ya bluu. Faida yake nyingine ni kwamba ina chumvi kidogo sana, na bila chumvi bakteria anayeitwa Proteus hawezi kutambaa. Kwenye agari ya kawaida, Proteus hufunika sahani nzima kama mafuta juu ya mchuzi, na ukishafika hapo huwezi kuhesabu kitu.

Sasa hesabu yenyewe. Kama lupu ilibeba sehemu moja ya elfu ya mililita na sahani imeota koloni 46, basi mililita nzima ilikuwa na bakteria wapatao 46,000. Unazidisha kwa 1,000. Lupu ya mikrolita 10 inazidishwa kwa 100. Ni hesabu ya mtoto wa shule, lakini niliwahi kufanya kazi mahali ambapo zilinunuliwa lupu mpya, za mikrolita 10, na kwa zaidi ya wiki moja sisi tuliendelea kuzidisha kwa 1,000 kama tulivyozoea. Rangi ya lupu ndiyo iliyotudanganya, kwa kuwa watengenezaji hawafanani na rangi ya kampuni moja ina maana nyingine kwa kampuni ya pili. Kila mgonjwa wa wiki ile alionekana ana bakteria mara kumi ya aliokuwa nao.

Wengi wamesikia kwamba mpaka wa ugonjwa ni laki moja kwa mililita. Namba hiyo ina historia, na asiyeijua huitumia vibaya.

Mwaka 1956 daktari Edward Kass wa Boston City Hospital, Marekani, alichapisha kazi yake kuhusu maambukizi ya njia ya mkojo yasiyo na dalili. Alitaka kujua: mwanamke asiyelalamika chochote, akitoa mkojo wa kawaida, nitatofautishaje bakteria wa kibofuni na uchafu wa njiani? Alilinganisha hesabu, akaona zinagawanyika makundi mawili. Uchafu mara nyingi ulikuwa chini, na maambukizi ya kweli mara nyingi yalivuka laki moja. Hata hapo hakuwa na uhakika kamili. Kwa mwanamke asiye na dalili, sampuli moja yenye laki moja ilikuwa kweli kwa takriban asilimia 80. Ikirudiwa na kuleta jibu lilelile, uhakika unapanda mpaka karibu asilimia 95.

Kwa hiyo laki moja ilizaliwa kwa ajili ya watu wasio na dalili. Ilipotoka mikononi mwa Kass, watu waliichukua kama mstari wa mpakani: huku mgonjwa, kule mzima.

Siku ileile ya mama wa Mbagala tulipokea pia mkojo wa binti mwanafunzi wa chuo. Alikuwa na siku tatu za kuungua akikojoa, na alikuwa akienda chooni kila baada ya nusu saa. Mkojo wake ulitolewa kwenye choo chetu na kupandwa kwenye sahani kabla haujapoa. Chini ya darubini tuliona chembe za usaha zimejaa. Kesho yake sahani ilikuwa na koloni nane tu, zote za njano, zote zinafanana kama punje za gunia moja.

Mwanafunzi wetu wa mazoezi alizihesabu mara mbili. "Dada, ni elfu nane. Haijafika laki. Niandike hakuna maambukizi?"

Nilimwambia asubiri. Binti yule alikuwa anakunywa maji mengi na kukojoa kila mara. Bakteria huhitaji muda wa kukaa kibofuni ili waongezeke, ndiyo sababu mkojo wa kwanza wa asubuhi, uliolala ndani kwa saa kadhaa, unatupa hesabu nzuri zaidi. Kibofu kinachomwagwa kila nusu saa hakiwapi nafasi ya kufika laki. Na mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake kule Marekani walionyesha jambo lenyewe. Kwa wanawake wenye maumivu makali ya kukojoa, walichukua mkojo moja kwa moja kutoka kibofuni na kuulinganisha na ule wa kukojoa. Karibu nusu ya waliokuwa na bakteria wa jamii ya E. coli kibofuni walikuwa na hesabu ya chini ya laki moja. Walipendekeza kwamba kwa wanawake wa aina hiyo, hata 100 kwa mililita inatosha.

Mia moja! Tazama sasa ubaya wa lupu yetu. Kwa lupu ya mikrolita moja, koloni moja tu tayari ni 1,000. Mia moja haiwezi kuonekana kabisa, kwa kuwa tone letu ni dogo mno kuibeba. Mgonjwa mwenye dalili kali anayeambiwa "hakuna kilichoota" pengine amepimwa kwa kijiko kidogo kuliko ugonjwa wake. Daktari akituandikia kwenye fomu kwamba mgonjwa anaungua, tunaweza kutumia lupu ya mikrolita 10 na kushuka mpaka mia. Akiacha nafasi ya dalili wazi, kama wengi wanavyofanya, tunabaki na lupu ndogo na tunakisia.

Kwa binti yule tuliandika: E. coli, 8,000 kwa mililita, ukuaji wa aina moja, chembe za usaha nyingi. Tukapima dawa. Septrini ilishindwa, naitrofurantoini ilifanya kazi. Alitibiwa kwa koloni nane.

Turudi kwa mama wa Mbagala, maana sahani yake ilikuwa kinyume kabisa. Yeye hakuwa na dalili yoyote. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kliniki ilitaka mkojo wake uoteshwe kwa sababu mama mjamzito anaweza kubeba bakteria kibofuni bila kujua, na wakaja kupanda kwenye figo. Ni sababu nzuri ya kupima. Ila sahani yake ilikuwa kama genge la mboga mchanganyiko. Kulikuwa na koloni za njano zilizonona, kulikuwa na nyingine ndogo nyeupe kama chembe za chumvi, na kwenye agari ya damu zilitokea vidoa vya kijivu visivyo na umbo. Aina tatu, kila moja imevuka laki.

Mtu asiyejua atasema ana maambukizi matatu. Sisi tunaisoma kinyume. Kibofu kinapovamiwa kwa mara ya kwanza, karibu kila mara kina mvamizi mmoja, na mara chache wawili. Aina tatu au zaidi kwa wakati mmoja, hakuna iliyoshinda wenzake, ni jamii inayoishi kwenye ngozi na ukeni. Tulirudi kwenye darubini kuhakikisha. Chembe za usaha hazikuwepo. Badala yake kulikuwa na chembe kubwa bapa, kama chapati zilizokunjwa pembe, ambazo hutoka kwenye ngozi ya nje na uke. Zikiwa nyingi, ujue mkojo ulipita juu ya ngozi kabla ya kuingia kikoponi.

Lakini kwa nini hesabu ilikuwa kubwa hivyo? Uchafu si huwa kidogo? Hapa ndipo mkoba unapoingia. Tuseme bakteria 1,000 kwa mililita waliingia kutoka kwenye ngozi saa moja asubuhi. Wakishazoea mkojo na joto, tuseme wanajigawa mara mbili kila nusu saa. Baada ya nusu saa ni 2,000. Baada ya saa moja ni 4,000. Baada ya saa mbili, 16,000. Baada ya saa nne wamefika 256,000, na kikopo bado kiko kwenye foleni ya malipo. Hesabu ya sahani ilikuwa sahihi kabisa, ila ilihesabu mkoba badala ya kibofu.

Kwa sababu hiyo kanuni yetu ni mkojo kupandwa ndani ya saa mbili. Ukishindwa, uwekwe kwenye friji, nyuzi 4, ambako bakteria wanasimama kuzaliana, na hapo unaweza kusubiri mpaka saa 24. Zipo pia chupa zenye unga wa asidi ya boriki unaowazuia kuongezeka, mradi chupa ijazwe mpaka kwenye alama, maana mkojo kidogo na dawa nyingi huwaua wale unaowatafuta. Kosa letu siku ile lilikuwa ni saa moja iliyoandikwa mahali pa nyingine. Fomu ilionyesha saa ya kupokea, na sisi tukaisoma kama saa ya kukojoa.

Mama aliporudi kuchukua majibu, karatasi ilisomeka: "Mchanganyiko wa bakteria wa aina tatu. Sampuli imechafuka. Leta nyingine." Hakuridhika, na simlaumu.

"Dada, sasa nina ugonjwa au sina?"

"Hatujui, mama. Kikopo kile hakikutuambia."

"Mbona mmeandika bakteria? Nimepita dukani wamesema nianze sindano."

Neno "hatujui" ni gumu kulisema dirishani, lakini ndilo lililokuwa kweli. Sampuli iliyochafuka haisemi kwamba mtu ni mzima. Inawezekana kabisa mmoja kati ya wale watatu alitoka kibofuni na wale wawili wakamfunika. Kuna maabara ambazo, kwa kuogopa kumkasirisha mteja, huchagua koloni iliyonenepa zaidi, huipima dawa, na kutoa karatasi nzuri yenye orodha ndefu ya dawa zilizoshindwa. Mimi naona hilo ni baya kuliko kutotoa jibu. Daktari akiisoma ataamini kuna adui sugu, naye atatafuta dawa kali kwa ajili ya bakteria wa kawaida wa ngozi. Huyu alikuwa na mimba.

Ipo tofauti moja au mbili ambazo lazima nizitaje ili msomaji asije akaigeuza kanuni hii kuwa sheria. Zikiota aina mbili, moja laki na nyingine elfu mbili, tunaifuata ile kubwa na kuiacha ndogo. Mgonjwa mwenye mpira wa mkojo kwa wiki nyingi anaweza kuwa na mchanganyiko wa kweli, na kwake tunazungumza na daktari kabla ya kuutupa. Mkojo uliotolewa kwa sindano kupitia tumboni moja kwa moja kutoka kibofuni haupiti kwenye ngozi ya siri kabisa, kwa hiyo hata koloni chache zina uzito. Na mtoto mchanga aliyefungwa mfuko wa plastiki ili akojolee humo, mkojo wake unagusa ngozi tangu mwanzo. Usipootesha kitu, tunaamini. Ukiotesha, tunaomba uchukuliwe kwa njia nyingine.

Mama wa Mbagala alikubali kurudia. Alikuwa hajaanza sindano, bahati nzuri, kwa sababu dozi moja tu ya dawa ingetosha kuisafisha sahani na kutunyima jibu. Muuguzi alimweleza polepole kujisafisha, kuacha wa mwanzo uende na kukinga wa katikati. Alitumia choo chetu. Tuliandika saa ya kukojoa kwa kalamu nyekundu, saa tatu na dakika kumi, na saa tatu na nusu mkojo ulikuwa umeshachorwa kwenye sahani.

Kesho yake sahani ilikuwa na koloni tatu, za aina mbili. Elfu tatu kwa mililita, chembe za usaha hakuna. Tuliandika kwamba hakuna ukuaji wenye maana, na kliniki haikumpa dawa.

Wewe msomaji, ukipewa kikopo, andika juu yake saa uliyokojoa, wala usiache mtu mwingine aikisie. Kama una maumivu, sema yaandikwe kwenye fomu. Na ukirudishiwa karatasi yenye neno "mchanganyiko", usiipeleke duka la dawa. Omba kikopo kipya, na utumie choo cha palepale hospitalini kabla hujameza kidonge chochote.